Miezi tisa ya ukambi nihesabu kutoka wapi?

Habari yako sista. Mtoto wangu alizaliwa tarehe 14 Januari 2025. Sindano ya ukambi ya miezi 9 ilichelewa kwa sababu tulikuwa mashambani, akaja kudungwa Nairobi tarehe 27 Novemba 2025. Siku hiyo alidungwa sindano mbili. Sasa nimepata ujumbe huu kwa simu kutoka kliniki: "Chanjo ya pili ya surua-rubela ni miezi 9 baada ya ya kwanza. Si kabla ya 14/07/2026. Ukikosa tarehe, rudi kliniki." Nikihesabu miezi 9 kutoka Novemba napata tarehe 27 Agosti, si Julai. Nifuate ipi? Baba yake anasema mtoto alishamaliza, kwani alidungwa mara mbili. Tena tarehe 10 Julai tunasafiri kwenda Kitui kwa mambo ya familia na sijui tutarudi lini. Jirani ananiambia nikikosa tarehe mtoto ataanza upya. Nimechanganyikiwa.

Mama wa mtoto mmoja, Kayole

*

Mama, fuata tarehe 14 Julai. Hesabu yako ya vidole iko sawa kabisa, ila ujumbe wenyewe ulikupa sentensi mbili zisizopatana, na ya kwanza ndiyo iliyokupoteza njia. Nimefanya kazi kwenye kliniki ya watoto miaka mingi, na kosa hili la kuhesabu ukambi kutoka siku ya sindano ya kwanza nimeliona likichelewesha watoto ambao mama zao hawakuwa wazembe hata kidogo. Walitii tu walichosomewa.

Chanjo za mwanzo, zile za wiki 6, wiki 10 na wiki 14, ukichelewa moja, inayofuata nayo husogea mbele, kwa sababu kati ya moja na nyingine lazima zipite wiki 4. Mama akishazoea hivyo, huona chanjo zote zinaenda kwa mtindo huo. Ukambi haufuati mtindo huo. Ratiba yetu ya Kenya inaitaja kwa umri wa mtoto: ya kwanza akitimiza miezi 9, ya pili akitimiza miezi 18. Ile "miezi 9 baada ya ya kwanza" ni kweli kwa mtoto aliyedungwa siku yake barabara tu, kwa sababu 9 na 9 ni 18. Aliyechelewa ya kwanza haongezewi miezi 9 mizima kabla ya ya pili. Umri wake haukusimama kumsubiri.

Kwa hiyo siku ya mapema kabisa tunaitafuta kwa kuangalia tarehe mbili. Moja ni siku anayotimiza miezi 18. Nyingine ni siku 28 kutoka sindano ya kwanza, maana hicho ndicho kipindi kifupi kabisa kinachoruhusiwa kati ya sindano mbili za ukambi. Ukizipata zote mbili, unafuata ile inayokuja baadaye.

Tumchukue mwanao. Alizaliwa 14 Januari 2025, kwa hiyo anatimiza miezi 18 siku ya Jumanne, 14 Julai 2026. Alidungwa ya kwanza 27 Novemba 2025. Ongeza siku 28 unafika Krismasi, 25 Desemba 2025. Hiyo ya Krismasi ilipita zamani, ikabaki ya umri. Ndiyo maana kliniki iliandika 14/07, na tarehe hiyo ni sahihi. Ile 27 Agosti uliyoipata haimzuii mtoto kudungwa siku hiyo, lakini ukiisubiri utakuwa umemwacha wiki 6 na zaidi bila sababu yoyote.

Ili uone kwa nini hatuachi kuhesabu zile siku 28, fikiria mtoto mwingine aliyezaliwa siku moja na wako, ila akachelewa sana, ya kwanza akadungwa tarehe 3 Julai 2026. Yeye pia anatimiza miezi 18 tarehe 14 Julai, lakini siku hiyo zimepita siku 11 tu. Hawezi kudungwa. Ataongezewa siku 28 kutoka 3 Julai, na tarehe yake itakuwa 31 Julai. Kwake siku 28 ndizo zinazoshika usukani, kwa mwanao ni umri. Na hesabu siku kamili, usiseme "mwezi mmoja", kwa sababu mama mmoja akisema mwezi huwa anamaanisha wiki 4, mwingine anamaanisha tarehe ile ile ya mwezi ujao.

Siku 28 hazikuwekwa kwa ajili ya kupanga foleni. Chanjo ya surua-rubela ina virusi hai vilivyodhoofishwa. Vinapoingia mwilini huzaana kidogo, mwili unavitambua na kujifunza kuvipiga. Katika wiki za kwanza mwili unakuwa bado umeamka kwa vita hivyo, na ukileta virusi vingine vya aina hiyo mapema, vinapigwa kabla havijafanya kazi yoyote. Mtoto analia, alama ya sindano inaonekana, kijitabu kinaandikwa, lakini ndani hakuna kilichoongezeka. Sindano iliyodungwa kabla ya siku 28 haihesabiwi, na inabidi irudiwe baada ya siku 28 nyingine. Hapo tu ndipo neno "kurudia" lina ukweli, yaani kurudia ile moja iliyowahishwa.

Sasa zile sindano mbili za Novemba. Tangu Julai 2025 Kenya iliongeza chanjo ya homa ya matumbo, yaani taifodi, kwa watoto wa miezi 9. Mtoto anayekuja kwa ukambi hupewa na hiyo siku moja, na hakuna ubaya wowote kuzitoa pamoja. Fungua kijitabu cha afya ya mama na mtoto uangalie tarehe 27 Novemba. Bila shaka utakuta imeandikwa kwenye mistari miwili tofauti, mmoja wa surua-rubela na mwingine wa taifodi. Ule mstari wa surua-rubela wa miezi 18 utaukuta mtupu. Mwonyeshe baba yake mstari huo mtupu. Sindano mbili za siku moja ni magonjwa mawili, na kwa ukambi mtoto ana moja tu. Hakuna mahali ambapo dozi ya kwanza na ya pili ya ukambi hutolewa siku moja, kwa sababu ile niliyoieleza ya siku 28.

Kwa kuwa tumegusa hilo, wapo wazazi ambao watoto wao walidungwa kwenye kampeni ya Julai 2025, ile ya siku 10 iliyozunguka nchi nzima ikitoa surua-rubela na taifodi. Wengi huniambia hiyo ndiyo ilikuwa ya pili. Sindano ya kampeni huhesabiwa kuwa nyongeza. Haifuti ya miezi 18, na kumdunga mtoto ambaye tayari ana kinga hakumdhuru, mradi tu siku 28 zimepita. Wako alikuwa bado hajafika miezi 9 wakati ule, kwa hiyo hili halimhusu, lakini huenda likamhusu jirani yako.

Nataka nikae kidogo kwenye swali ambalo hukuliuliza, ila nalisikia nyuma ya maneno ya baba yake: kama moja imeshaingia, ya pili ya nini? Watu wengi hudhani ya kwanza inatoa kinga nusu na ya pili inajazia. Mambo hayako hivyo. Mtoto anayedungwa akiwa na miezi 9 huenda bado ana mabaki ya kinga aliyopewa na mama yake tumboni, na mabaki hayo yanaweza kuiua chanjo kabla haijafundisha mwili wake kitu. Kati ya watoto 100 wanaodungwa katika umri huo, wapatao 85 wanapata kinga nzuri. Hao 15 waliobaki hawana, na huwezi kuwatambua kwa macho. Hawana dalili, na kijitabu chao kinafanana na cha wengine. Kufikia miezi 18 mabaki ya kinga ya mama yamekwisha, na sindano ya pili inawapata karibu wote walioponyokwa na ya kwanza. Ni nafasi ya pili kwa mtoto ambaye ya kwanza ilimpita, na kwa kuwa hatumjui ni nani, tunawadunga wote. Kwetu Kayole, ambako familia nzima inalala chumba kimoja na watoto wanashinda kwenye ploti moja, ukambi ukiingia hauulizi. Virusi vyake vinaweza kubaki hewani kwenye chumba hata saa 2 baada ya mgonjwa kutoka, na kati ya watu 10 wasio na kinga waliokuwa karibu na mgonjwa, 9 huambukizwa.

Ndiyo sababu nasema usisubiri Agosti. Lakini pia usiingiwe na hofu juu ya Kitui.

Chanjo hii ni ya ratiba ya taifa. Kituo chochote cha serikali kinaitoa bila malipo, iwe dispensari, kituo cha afya au hospitali, na haijalishi mtoto alianzia wapi. Utakayohitaji ni kijitabu. Kitie kwenye mfuko wa nguo za mtoto kabla ya kitu kingine chochote, na upige picha ukurasa wa chanjo kwa simu, maana vijitabu hupotea safarini kuliko mahali pengine popote. Muuguzi wa Kitui akiona tarehe ya kuzaliwa na ile 27 Novemba, atapiga hesabu hii hii niliyopiga na kupata 14 Julai. Akishamdunga, hakikisha ameandika tarehe kwenye mstari wa miezi 18. Halafu ukirudi, pitia kliniki yako ya Nairobi waiingize kwenye rejista yao, la sivyo wataendelea kukutumia ujumbe kwamba umekosa na mhudumu wa afya ya jamii atakuja mlangoni kukutafuta.

Jambo moja litakalokuudhi huko usipolijua mapema. Chupa ya chanjo hii huja ikiwa unga, na mara nyingi ni ya dozi 10. Muuguzi akishaichanganya na maji yake, lazima itumike ndani ya saa 6, kinachobaki kinatupwa. Kwa hiyo vituo vidogo vingine huwa na siku yao ya ukambi, wanakusanya watoto wa siku moja. Shirika la Afya Duniani linashauri chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja kuliko kumrudisha nyumbani, lakini nawe usiende ukabishane kwenye benchi. Ukifika Kitui, uliza kituo cha karibu siku gani wanafungua chupa ya ukambi, uende siku hiyo asubuhi. Wakikuambia Alhamisi, 16 Julai ni nzuri tu. Siku 2 au wiki moja haziharibu chochote.

Unaweza pia kujaribu kabla ya safari. Nenda kliniki yako wiki ile ya kuondoka, mweleze muuguzi kwamba mnasafiri. Mtoto atakuwa amebakiza siku chache tu kutimiza miezi 18, ameshapita mwaka mmoja, na siku 28 zilishapita miezi mingi. Kwa upande wa mwili wake sindano hiyo itafanya kazi na itahesabiwa. Lakini ratiba inasema miezi 18, na kuna muuguzi atakayekubali na mwingine atakayekuambia ufuate tarehe. Uamuzi ni wake. Akikataa, usidhani amekunyima. Kitui ipo.

Na kama Kitui nako itashindikana? Tuseme mazingira ya huko hayakuruhusu, ukarudi Nairobi mwishoni mwa Septemba. Siku utakayofika, au siku ya kwanza kliniki watakapofungua chupa, mpeleke. Atadungwa moja tu, ile ya pili. Haanzi upya. Sindano ya Novemba haifutiki kwa kuchelewa, kwa sababu mwili uliojifunza ukambi hausahau ndani ya miezi michache, na hakuna kikomo cha juu ambacho ukikivuka ya kwanza inakuwa bure. Tarehe iliyoandikwa kwenye ujumbe inakuambia ni lini milango inafunguka. Haikuambii lini inafungwa. Jirani yako amesikia habari za wale waliodungwa mapema mno, akazibandika kwa waliochelewa.

Anachopoteza mtoto aliyechelewa ni zile wiki za katikati. Kama mwanao ni mmoja wa wale 15, kila wiki kuanzia 14 Julai ni wiki anayotembea bila kinga ambayo angekuwa nayo. Kwa hiyo nikisema usihofu, simaanishi usiharakishe.

Pia wapo wanaokosa tarehe kwa kuona mtoto ana mafua wakaamua asubiri apone. Mafua, kikohozi kidogo, kuhara kidogo au joto la kawaida la meno havizuii chanjo. Mpeleke, mwache muuguzi amwangalie. Mtoto mwenye homa kali au anayeumwa kiasi cha kulazwa, huyo atasubiri hadi apate nafuu. Ambaye ni lazima uzungumze na muuguzi juu yake kabla hajadungwa ni mtoto ambaye ya kwanza ilimletea shida kubwa ya ghafla, kama kuvimba uso au kushindwa kupumua, au mwenye ugonjwa au dawa inayodhoofisha sana kinga ya mwili.

Baada ya sindano, usishangae homa ikija wiki moja baadaye badala ya usiku ule ule. Chanjo hii ndivyo ilivyo. Joto dogo na pengine vipele vichache hutokea kati ya siku ya 5 na ya 12, wakati vile virusi dhaifu vinapozaana, na hupita vyenyewe kwa siku 2 au 3. Mnyonyeshe, mpe maji, mpunguzie nguo. Ikiwa homa ni kali, au anakataa kunyonya na kula, au anatetemeka degedege, nenda kituo cha afya mara moja, hata kama uko Kitui na saa ni usiku. Siku hiyo ya miezi 18 huwa anapewa pia matone ya vitamini A, na dawa ya minyoo kama imefika zamu yake, kwa hiyo usiondoke kwenye benchi mara tu sindano inapotoka.

Kuhusu ujumbe wenyewe, ukienda kliniki waambie kwa upole kilichokuchanganya. Anayeuandika hajui kwamba mama aliyechelewa ya kwanza ataisoma ile "miezi 9 baada ya ya kwanza" kama ulivyoisoma wewe. Kama ningepewa mimi niuandike, ningemwandikia kila mama tarehe ya mtoto wake hivi: "Mama, mwanao anafaa kudungwa chanjo ya pili ya ukambi na rubela akitimiza miezi 18, yaani kuanzia Jumanne 14/07/2026, na si chini ya siku 28 kutoka ya kwanza (27/11/2025). Ukikosa siku hiyo, mlete siku yoyote baadaye, kituo chochote cha serikali. Haanzi upya. Njoo na kijitabu."

Leo jioni, kabla hamjaanza kupanga mizigo, fungua kijitabu hicho, na kwenye mstari wa miezi 18 andika kwa penseli 14/7/2026, iwe penseli na si kalamu, kwa sababu tarehe ya wino itaandikwa na atakayemdunga.